Kizibo Kisichoshika Maji: Kurekebisha Fito za Chini ya Sinki

Kizibo cha kuinuka ni kile kifuniko cha chuma kinachokaa ndani ya mdomo wa sinki la bafuni na kupanda au kushuka bila kuguswa, kwa kuvuta kishikio kidogo kilicho nyuma ya bomba la maji. Kishikio kikivutwa juu, kizibo kinashuka na kufunga. Kikisukumwa chini, kizibo kinainuka na maji yanatoka. Mwendo huu wa kinyumenyume huwachanganya wengi wanapoinama chini ya sinki kwa mara ya kwanza, na ndiyo sababu mtu hukaza pale palipopaswa kulegezwa, kisha maji yakaendelea kupotea kama mwanzo.

Siri ya mwendo huo ni wenzo, ule ule wa bembea ya ubao wanayochezea watoto. Kishikio kimeunganishwa na ufito wa chuma ulio wima, unaopita ndani ya bomba na kuning'inia nyuma ya sinki. Ufito huo unakutana na mwingine uliolala, na mahali pa kukutana pana kiungo kidogo chenye skrubu. Ufito uliolala unaingia katika shingo ya sinki, yaani lile bomba fupi lililonyooka chini ya mdomo, kupitia tundu la ubavuni. Kwenye tundu hilo ufito umevaa gololi ya plastiki, na gololi imebanwa na nati. Gololi ndiyo egemeo. Sehemu ndefu ya ufito iko nje, sehemu fupi iko ndani ya shingo, na ncha ya sehemu hiyo fupi ndiyo inayobeba kizibo kwa chini. Nje ikipanda, ndani inashuka, na kizibo nacho kinashuka kwa uzito wake hadi kikae kwenye mdomo.

Vipimo vinasaidia kuelewa. Tuseme kutoka kwenye gololi hadi kwenye kiungo ni sentimita 10, na kutoka kwenye gololi hadi katikati ya kizibo ni sentimita 2.5. Uwiano ni nne kwa moja, kwa hiyo kishikio kikipanda sentimita 4, kizibo kinashuka sentimita 1. Kiungo kikisogezwa karibu na gololi, tuseme kwenye sentimita 8, mwendo ule ule wa kishikio unasogeza kizibo sentimita 1 na robo. Kikisogezwa mbali, kizibo kinatembea kidogo zaidi, ingawa kishikio kinakuwa chepesi mkononi. Kwa hiyo kiungo kinarekebishwa kwa njia mbili zisizofanana. Kukipandisha au kukishusha kwenye ufito wa wima kunaamua kishikio kiwe kimo gani wakati kizibo kimefunga. Kukisogeza ndani au nje kwenye ufito uliolala kunaamua kizibo kitembee kiasi gani. Asiyetenganisha mambo haya mawili anaweza kushinda chini ya sinki kutwa nzima.

Kabla ya kushika chombo chochote, sinki lenyewe linaeleza shida iko wapi, na linaeleza kwa kasi ya maji yanavyopotea. Mwanya wa milimita 1 kuzunguka kizibo unaonekana mdogo mno, lakini mzingo wa mdomo ni kama sentimita 12, na mwanya huo wote ukijumlishwa unatosha kumaliza lita 5 za maji kwa dakika moja au mbili. Kwa hiyo maji yakiisha kabla mtu hajamaliza kujipaka sabuni usoni, kizibo hakijafika chini, na kosa karibu kila mara liko kwenye fito. Maji yakishuka polepole, upana wa kidole kwa dakika kumi au zaidi, kizibo kimefika chini lakini hakibani sawasawa. Hapo mtuhumiwa ni raba ya kizibo, uchafu ulio chini yake, au mdomo wa sinki wenyewe.

Kipimo cha pili ni cha kidole. Sinki linajazwa hadi nusu, chini ya lile tundu la ubavuni linalopokea maji yakizidi, kishikio kinavutwa juu kabisa, halafu kizibo kinakandamizwa katikati kwa kidole. Kikizama kidogo na maji yakatulia, fito zilikuwa zimekishikilia juu. Kisipozama na maji yakaendelea kushuka, hakuna haja ya kugusa skrubu yoyote chini, kwa sababu fito zimeshafanya kazi yake.

Kuna na kipimo cha mkono, ambacho mafundi wazoefu hukitumia bila hata kukitaja. Kishikio kinachofanya kazi vizuri kina uzito kidogo kinapopanda, kisha kinakoma taratibu, kwa ulaini, kwa sababu kilichokikomesha ni raba inayokaa kwenye mdomo. Kishikio kinachopanda kirahisi kama kimeng'oka kina kiungo kinachoteleza. Kinachogota ghafla, chuma kwa chuma, kimefika mwisho wa safari yake kabla kizibo hakijafika chini. Na kile kinachopanda vizuri, kikaachiwa, kisha kikaanza kurudi chini chenyewe, kina nati ya gololi iliyolegea. Hali hizi tatu zina dawa tatu tofauti.

Ya kwanza, kuteleza kwa kiungo, ndiyo inayoonekana zaidi. Skrubu ya kiungo ni ndogo na inabana ufito laini wenye kung'aa. Kila siku kishikio kinasukumwa na kuvutwa, na pale chini pana unyevu na mabaki ya sabuni. Baada ya miaka michache skrubu inalegea kidogo tu, kiasi kisichoonekana kwa macho. Chukua mfano wa sinki katika nyumba ya ghorofa ya Dar es Salaam, lenye vipimo vilivyotajwa hapo juu, ambalo lilikuwa linapoteza maji yote kwa muda usiofika dakika mbili. Kizibo kilipokandamizwa kwa kidole, maji yalitulia, kwa hiyo ilijulikana kwamba kosa ni la fito. Chini ya sinki, alama ya kalamu ilichorwa kwenye ufito wa wima, pale pale unapoingia kwenye kiungo. Kishikio kilivutwa sentimita 4 kama kawaida. Alama ikapanda juu ya kiungo kwa milimita 6. Maana yake ni kwamba ufito wa wima ulipanda sentimita 4, lakini kiungo kilipanda sentimita 3.4 tu. Kwa uwiano wa nne kwa moja, kizibo kilikosa milimita 1 na nusu ya safari yake, na hiyo milimita 1 na nusu ndiyo iliyokuwa inamaliza sinki zima.

Kazi ya kurekebisha huanza kwa kuondoa vitu. Chupa za sabuni, brashi na ndoo zinazowekwa kwenye kabati la chini mara nyingine ndizo zenyewe zinazolalia ufito na kuuzuia usipande, na kuna masinki ambayo matengenezo yake yote yamekuwa kuhamisha chupa. Baada ya hapo kinahitajika kitambaa kikavu, tochi, na bisibisi. Viungo vingine vina skrubu yenye masikio inayozungushwa kwa vidole, vingine vinataka ufunguo mdogo wa pembe sita. Skrubu inalegezwa, haitolewi yote, kwa maana ikidondoka kwenye kona yenye giza kuitafuta kunachukua muda kuliko kazi yenyewe. Kisha fito zote mbili zinafutwa hadi zikauke mahali zinapobanwa. Hatua hii hurukwa na wengi, lakini ikirukwa skrubu itabana utando wa sabuni na si chuma, na kiungo kitateleza tena baada ya siku chache.

Sasa mtu mmoja anakandamiza kizibo kwa kidole hadi kikae chini kabisa. Mwingine, au mkono mwingine wa yule yule, unainua ufito uliolala kwa nje hadi uanze kukataa. Hapo wenzo uko katika hali ya kufunga. Kishikio kinavutwa juu hadi kimo cha mkono kukishika vizuri, sentimita 4 au hivi kutoka pale kinapokaa kikiwa chini, na bila kuachia chochote skrubu inakazwa. Kanuni ni kwamba skrubu ikazwe kizibo kikiwa kimefunga. Anayekaza kizibo kikiwa wazi anabahatisha mahali kitakapofikia kikifungwa, na hapo ndipo kosa la milimita 1 linapozaliwa.

Baada ya kukaza, kishikio kinasukumwa chini hadi kikae juu ya bomba, na kizibo kinatazamwa. Kinatakiwa kiinuke karibu sentimita 1 ili maji yatoke kwa kasi na nywele zisinase. Kikiinuka kidogo mno, kishikio kimefika chini mapema, na kuna njia mbili za kutoka. Ama kiungo kinashushwa kidogo kwenye ufito wa wima, ili kishikio kiwe juu zaidi kizibo kikiwa kimefunga na hivyo kiwe na safari ndefu ya kushuka, ama kinasogezwa karibu na gololi ili kila sentimita ya kishikio ifanye kazi zaidi. Njia ya kwanza ndiyo ya kujaribiwa kwanza kwa sababu haiongezi uzito mkononi.

Masinki mengine, hasa yenye vifaa vya mtindo wa Marekani, hayana kiungo cha namna hii. Badala yake ufito wa wima umefungwa kwenye ukanda bapa wa chuma wenye matundu mengi yaliyopangwa kutoka juu hadi chini, na ufito uliolala unapita katika tundu mojawapo, ukishikwa na kibanio cha chuma chenye umbo la herufi V. Hapa matundu yanafanya kazi ya kuamua kimo. Kichwa cha ukanda kikigonga chini ya bomba kabla kizibo hakijafunga, ufito uliolala unahamishiwa tundu la juu zaidi. Kibanio kinafinywa kwa vidole viwili, ufito unachomolewa, unaingizwa kwenye tundu jipya, na kibanio kinaachiwa. Vibanio hivi vikipata kutu hukatika vikifinywa, kwa hiyo chenye madoa mekundu kishikwe kwa uangalifu.

Hali ya pili, ya kishikio kurudi chini chenyewe, inatokana na uzito. Upande wa nje wa wenzo ni mrefu na umebeba kiungo, ufito wa wima na kishikio. Vyote hivyo vinavuta chini, na nje ikishuka ndani inapanda na kuinua kizibo. Kinachozuia hayo ni msuguano wa gololi tu ndani ya kikalio chake, na msuguano huo unatoka kwenye nati. Nati ikilegea, kishikio kinateremka milimita chache kwa dakika, kizibo kinaachia, na mwenye nyumba anaapa kwamba alifunga vizuri. Kweli alifunga. Dawa ni kukaza nati robo ya mzunguko, kwa mkono, kisha kujaribu. Koleo litumike pale tu mkono unaposhindwa, kwa sababu nati nyingi ni za plastiki au shaba nyembamba. Ikikazwa kupita kiasi, gololi inakwama na kishikio kinakuwa kigumu, na watu wakikivuta kwa nguvu kiungo kinaanza kuteleza. Kosa moja hapo linazaa jingine.

Nati hiyo hiyo ikidondosha maji, tone moja moja, isidhaniwe kuwa ndiyo inayomaliza maji ya sinki. Gololi iko chini ya kizibo. Kizibo kikiwa kimefunga hakuna maji yanayoifikia, isipokuwa yale yanayovuja kutoka juu. Itadondosha wakati sinki linamwagwa. Tatizo hilo ni la raba ya gololi iliyochakaa, na linamalizwa kwa kubadilisha raba na kukaza upya.

Hali ya tatu, ya kugota chuma kwa chuma, hutokea zaidi baada ya kizibo kubadilishwa. Vizibo vingi vina mguu wenye skrubu na nati ndogo ya kufungia. Mguu ukiwa mrefu mno, ncha ya ufito inafika mwisho wa kushuka kwake huku bado imebeba kizibo. Kizibo kinatolewa, nati ndogo inalegezwa, na mguu unazungushwa kuingia ndani. Kwa skrubu za ukubwa huu, mzunguko mmoja ni karibu milimita 1. Kinachotakiwa ni kwamba kizibo kikiwa kimefunga, mguu usiguse kabisa ncha ya ufito, bali ubaki mwanya mdogo wa kama milimita 1, ili kizibo kikae kwa uzito wake na uzito wa maji yaliyo juu yake. Mguu ukifupishwa kupita hapo, kizibo hakitainuka vya kutosha.

Kukitoa kizibo kuna namna zake. Vya mguu wa skrubu vinainuliwa tu kwa vidole. Vingine vina ndoano chini, vinazungushwa robo kisha vinatoka. Vingine vina tundu ambalo ncha ya ufito inapita, na hivyo havitoki mpaka nati ya gololi ifunguliwe na ufito uvutwe nyuma. Ndoo iwekwe chini kwanza, kwani maji machache yaliyobaki kwenye shingo yatamwagika kupitia tundu la gololi. Anayeking'ang'ania kizibo cha aina hii kwa koleo kutoka juu anapinda ufito, na ufito uliopinda hauchezi tena sawasawa.

Lile sinki la Dar es Salaam halikuishia kwenye kiungo. Baada ya skrubu kukazwa, maji yalikaa, lakini kipande cha tepu kilichobandikwa kwenye ukuta wa sinki kuonyesha kimo kilidhihirisha kwamba baada ya dakika kumi yalikuwa yameshuka sentimita 1. Kasi hiyo si ya fito tena. Kizibo kilitolewa. Mguuni pake palikuwa na fundo la nywele na utando mweusi wa sabuni, na kwenye ukingo wa mdomo, pale raba inapokaa, palikuwa na magamba meupe yaliyo magumu kwa ukucha. Magamba hayo ni chokaa inayoachwa na maji magumu ya visima. Kitambaa kilicholoweshwa siki kikiwekwa juu yake kwa nusu saa, magamba yanalainika na kufutika. Siki isiachwe hapo usiku kucha, kwani inaweza kuharibu rangi ya chuma kilichopakwa kromu. Kisu au brashi ya waya visitumike kabisa. Mkwaruzo mmoja kwenye ukingo ni mfereji wa kudumu ambao raba haitauziba.

Raba yenyewe ilikuwa imekauka na kubapa upande wa nje, na ilipokunjwa kwa vidole ilionyesha nyufa. Raba nzuri inakunjika na kurudi. Mpya ichaguliwe kwa kwenda dukani na kizibo chenyewe, maana raba zinazoonekana sawa kwa macho hutofautiana unene, na nyembamba mno haibani wakati nene mno inakifanya kizibo kining'inie juu. Ikishavikwa, kizibo kinarudishwa na kiungo kinapimwa upya, kwa sababu unene wa raba mpya unabadilisha kidogo mahali kizibo kinapokaa. Katika sinki hilo skrubu ililegezwa na kukazwa tena mara moja, na maji yakabaki kwenye tepu kwa nusu saa nzima.

Iwapo raba ni mpya, ukingo ni safi, kidole kinakandamiza kizibo na maji bado yanashuka, lipo shimo moja lililojificha. Mdomo wa chuma umekalishwa kwenye sinki la kauri juu ya putti au silikoni. Ikipasuka, maji yanapita kati ya chuma na kauri bila kupita kwenye kizibo kabisa. Yakitokea chini ya sinki yataonekana kwa matone nje ya shingo. Lakini kwenye sinki lenye tundu la kupokea maji yakizidi, shingo ina madirisha ubavuni ya kupokea maji hayo, na yanayovuja hujipitisha humo hadi kwenye bomba la kutolea. Sakafu inabaki kavu, kabati linabaki kavu, na hakuna dalili yoyote isipokuwa sinki linalopungua. Njia ya kulithibitisha ni kukausha kabisa eneo linalozunguka mdomo na kulizungushia mafuta mazito ya mgando, kisha kujaza maji. Yakitulia, putti ndiyo iliyokwisha. Hapo shingo yote inafunguliwa, kauri na chuma vinakwanguliwa masalia ya zamani kwa kipande cha plastiki, putti mpya inapakwa chini ya mdomo na nati kubwa ya chini inakazwa hadi ziada ichomoze pande zote.

Kazi hiyo ikifika, mara nyingi ni afadhali kubadilisha seti nzima, hasa ufito ukiwa umeliwa na kutu pale unapotokea kwenye gololi. Katika nyumba za pwani zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi, ufito wa chuma cha kawaida hukatika hapo hapo. Seti za masinki ya bafuni ni za inchi 1 na robo, na kabla ya kulipa ni lazima kuangalia jambo moja. Sinki lenye tundu la ubavuni linataka shingo yenye madirisha, na sinki lisilo na tundu linataka shingo iliyozibwa. Shingo iliyozibwa ikifungwa kwenye sinki lenye tundu, maji yanayozidi hayana pa kutokea. Yenye madirisha ikifungwa kwenye sinki lisilo na tundu, maji yanayomwagwa yanaingia kwenye uwazi kati ya shingo na kauri na kuifikia nati kubwa, ambayo haikuundwa kuyazuia siku zote.